Mganga mfawidhi anapohama: hati ya makabidhiano ya zahanati na nafasi yako wewe mwanakijiji

Ndugu msomaji, kama unalima, unafuga au una kibanda chako sokoni, huenda unajiuliza hati ya makabidhiano ya zahanati inakuhusu nini. Inakuhusu kwa njia tatu. Dawa ya malaria atakayopewa mwanao wakati wa masika inategemea hesabu iliyoandikwa humo. Deni la sabuni au la ufundi unaloidai zahanati litalipwa au litapotea kutegemea kama limeandikwa humo. Na anayekaa kwenye Kamati ya Usimamizi wa Zahanati, akaitwa kushuhudia na kutia saini, mara nyingi ni mkulima au mfanyabiashara kama wewe.

Mimi ni afisa tabibu. Kwa miaka 6 nimekuwa mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji, mpaka mwishoni mwa Februari nilipopata barua ya uhamisho. Nimeandika hati yenye kurasa 9 na kuikabidhi kwa dada aliyekuja kushika nafasi yangu. Naeleza hapa jinsi tulivyofanya, ili siku mganga wenu akihama mjue cha kuuliza.

Siku ya makabidhiano na watu wake

Makabidhiano ya zahanati hayafanyiki kwa simu wala kwa kuachiana funguo kwa nesi. Anayeondoka na anayeingia wanapaswa kukutana uso kwa uso, na wawe na angalau siku mbili. Siku ya kwanza ni ya kuhesabu, ya pili ni ya kuandika, kusoma na kusaini. Ukisikia makabidhiano yamekwisha kwa saa moja, ujue hakuna kilichohesabiwa. Wamesomeana orodha tu.

Mwisho wa mwezi ndio wakati mzuri, kwa sababu vitabu vya mwezi vinafungwa siku hiyo hiyo. Kilichotokea kabla ya tarehe hiyo ni cha anayeondoka, na kinachofuata ni cha anayeingia. Makabidhiano yakifanyika katikati ya mwezi, ripoti ya mwezi huo inakuwa na wenye wawili, na kosa likionekana kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Sisi tulifanya tarehe 27 na 28 Februari.

Tulikuwa watu wanne: mimi, dada aliyenipokea, mwenyekiti wa kamati ya usimamizi ambaye ni mkulima wa alizeti, na mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti aliniuliza, "Daktari, mimi dawa sizijui majina. Nitashuhudia nini?" Nikamwambia, "Mzee, kuhesabu unajua. Wewe hesabu maboksi, sisi tutasoma majina." Hiyo ndiyo kazi ya shahidi. Shahidi hahitaji kujua dawa inatibu nini. Anahitaji kuona kwamba namba iliyoandikwa ndiyo iliyo kwenye rafu.

Stoo ya dawa: leja upande huu, rafu upande ule

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo wengi huruka. Kila dawa kwenye stoo ina ukurasa wake kwenye leja. Ukurasa huo unaonyesha tarehe, kiasi kilichopokelewa, kiasi kilichotolewa, kilichopotea au kuharibika, na salio. Ni leja ile ile unayoweza kuwa nayo dukani kwa sukari na unga. Salio la leja linasema kinachopaswa kuwepo, na rafu inasema kilichopo. Makabidhiano ya stoo ni kulinganisha hizo mbili, dawa moja baada ya nyingine, na kuandika tofauti bila kuificha.

Nikupe mfano mmoja kamili. Dawa mseto ya malaria huja kwa ukubwa mbalimbali kufuatana na uzito wa mgonjwa. Ile ya watoto wadogo, kuanzia kilo 5 hadi chini ya kilo 15, ni karatasi yenye vidonge 6, na boksi moja lina karatasi 30. Karatasi moja ni dozi ya mtoto mmoja. Leja yetu ilisomeka hivi:

Salio la mwisho wa Desemba: dozi 90.
Zilizopokelewa Januari kutoka Bohari ya Dawa, maboksi 5: dozi 150.
Jumla: dozi 240.
Zilizotolewa stoo kwenda chumba cha dawa, Januari na Februari: dozi 130.
Salio linalotakiwa kuwepo: dozi 110.

Mwenyekiti akahesabu rafuni. Maboksi mawili mazima ni dozi 60, na boksi moja lililofunguliwa lilikuwa na karatasi 26. Jumla 86. Pengo la dozi 24.

Watu wengi wakifika hapa hufanya moja ya mambo mawili. Wa kwanza anafuta salio la leja na kuandika 86, kisha anaendelea. Wa pili anaanza kuuliza nani ameiba. Yote mawili yanaharibu kazi. Cha kufanya kwanza ni kutafuta pengo limetokea wapi, kwa sababu dawa hupita milango miwili: hutoka stoo kwenda chumba cha dawa, halafu hutoka chumba cha dawa kwenda kwa mgonjwa.

Tukaanza na mlango wa pili. Mwisho wa Desemba chumba cha dawa kilikuwa na dozi 6. Kikapokea 130, jumla 136. Siku ile tulikuta zimebaki 12. Kwa hiyo wagonjwa walipaswa kuwa wamepewa dozi 124. Tukafungua Kitabu namba 5 cha MTUHA, ambamo kila mgonjwa wa nje huandikwa umri wake, uzito wake, majibu ya kipimo na dawa aliyopewa. Tukahesabu watoto wa uzito ule walioonekana na malaria kwa kipimo na kupewa dawa hiyo kwa miezi miwili. Walikuwa 124. Mlango wa pili ulikuwa salama, kwa hiyo pengo lilikuwa stoo.

Dada aliyenipokea akaomba daftari la zamu. Tukalipitia ukurasa kwa ukurasa mpaka tarehe 9 Februari, siku ambayo mimi nilikuwa kwenye mafunzo wilayani. Muuguzi wa zamu alikuwa ameandika kwamba zahanati ya jirani imeishiwa na imeazimwa dozi 24 za watoto, na karatasi ya kupokea yenye saini ya mpokeaji ilikuwa imebanwa hapo hapo kwa pini. Aliandika kwenye daftari la zamu, ila hakuipeleka kwenye leja. Pengo likapata maelezo.

Sasa angalia tulivyorekebisha, kwa sababu hata wewe mwenye duka utalihitaji hili. Hatukufuta chochote. Chini ya mstari wa mwisho wa leja tuliandika mstari mpya wenye tarehe ya siku ile: marekebisho, toa 24, azima kwa zahanati jirani tarehe 9 Februari, karatasi ya kupokea imeambatanishwa. Salio jipya 86. Tukasaini wote wawili. Na kwenye hati ya makabidhiano, ukurasa wa madai, tukaandika kwamba zahanati jirani inadaiwa dozi 24. Bila mstari huo, mwenzangu asingejua kwamba ana dawa nje ya kuidai.

Utasema ni dozi 24 tu, zina uzito gani? Uzito wake uko kwenye oda inayofuata. Zahanati huagiza dawa kwa kujaza fomu ya taarifa na maombi, inayoeleza ilianza na kiasi gani, ilipokea kiasi gani, ilitumia kiasi gani na imebaki na kiasi gani. Tuseme unataka akiba ya kutosha miezi 4. Watoto 124 kwa miezi 2 ni 62 kwa mwezi, kwa hiyo miezi 4 ni dozi 248. Ukiamini leja, ungesema una 110 za stoo na 12 za chumba cha dawa, jumla 122, nawe ungeomba 126. Ukiamini rafu, una 86 na 12, jumla 98, kwa hiyo unaomba 150, ambazo ni maboksi 5 kamili. Tofauti ni watoto 24, na miezi inayofuata Februari ni ya masika, mbu wakiwa wengi. Mtoto wa 225 asingejua habari za leja. Angeambiwa tu kwamba dawa imeisha, nenda kanunue.

Pengo lisilopata maelezo

Si kila pengo linapata majibu. Vidonge vya amoksilini vya watoto, vile vya kuyeyusha kwenye maji ambavyo hutumika kutibu nimonia, leja ilisema 1,400 na rafuni tulikuta 1,300. Boksi moja la vidonge 100 halikuwepo. Tulitafuta chumba cha dawa, chumba cha kujifungulia na sanduku la kliniki ya mkoba. Tukapitia vitabu vyote na daftari la zamu. Hatukuliona.

Dada aliniambia, "Kaka, hapo siwezi kusaini kwamba nimepokea 1,400." Alikuwa na haki kabisa. Tukaandika kama ilivyo: leja 1,400, zilizohesabiwa 1,300, pengo 100, mahali palipotafutwa ni hapa na hapa, sababu haijajulikana, limetokea kabla ya tarehe 28 Februari. Nakala ikaenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa mfamasia wa wilaya. Mwenzangu ameanza na 1,300. Swali la boksi lile limebaki kwenye kipindi changu, nami ndiye nitakayeitwa kujibu nikihitajika.

Hii ndiyo faida kubwa ya hati. Bila mstari ule, pengo la leo lingeonekana mwezi Mei wakati wa ukaguzi, na anayeulizwa angekuwa mtu ambaye hakuwepo. Kijijini nako maneno yangeanza: tangu huyu mpya aje, dawa zinapotea.

Kuhusu dawa kupotea, nawaeleza wenye maduka waziwazi. Dawa nyingi za Bohari ya Dawa zina alama ya herufi GOT kwenye kidonge au kwenye kifungashio, yaani ni mali ya serikali. Mtu akikuletea boksi lenye alama hiyo kwa bei nafuu, hata akisema ni masalio, usinunue. Ukikutwa nalo, maelezo ya aliyekuuzia hayatakuokoa.

Mambo mawili mengine ya stoo hayapaswi kusahaulika. La kwanza ni tarehe za kuisha muda. Tulipohesabu, kila dawa iliyobakiza chini ya miezi 3 tuliiandika kwenye orodha yake, kwa sababu bado kuna nafasi ya kuipeleka kituo chenye wagonjwa wengi kabla haijaharibika. Iliyokwisha muda hutengwa, ikaandikwa idadi, ikasubiri utaratibu wa wilaya wa kuteketeza. Haitupwi shimoni ambako mtoto au mbuzi anaweza kuifikia.

La pili ni jokofu la chanjo. Joto lake linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8, na husomwa na kuandikwa asubuhi na jioni. Mwombe anayeondoka karatasi ya joto ya miezi 3. Mistari iliyoruka, au siku nyingi zenye namba ile ile isiyobadilika asubuhi na jioni, ni dalili kwamba kuna mtu anaandika bila kuangalia. Halafu tazama vichupa vyenyewe. Vichupa vingi vya chanjo vina alama ya duara yenye mraba mdogo ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Mraba ukifanana rangi na duara au ukiwa mweusi zaidi, haitumiki tena. Alama hiyo hata mwenyekiti wetu aliisoma mwenyewe.

Ripoti zilizobaki

Ripoti ambayo haijatumwa haionekani kwa macho kama rafu tupu, kwa hiyo ni rahisi kuiacha. Kwenye hati niliweka jedwali lenye safu nne: jina la ripoti, kipindi chake, imefikia wapi, na tarehe ya mwisho ya kuiwasilisha. Usiandike "ripoti ziko sawa." Maneno hayo hayamsaidii mtu.

Kwetu zilibaki tatu. Ripoti ya MTUHA ya Februari ilikuwa imejumlishwa kutoka vitabu vyote isipokuwa Kitabu namba 12 cha wazazi, kwa sababu mama mmoja alijifungua usiku wa tarehe 27 na alikuwa bado anaandikwa. Oda ya dawa ilisubiri hesabu ya stoo niliyoieleza hapo juu. Taarifa ya mapato na matumizi ilikuwa tayari lakini kamati haikuwa imekaa kuipitia. Kwa kila moja niliandika ni hatua gani imebaki na ni nani anaijua vizuri kati ya watumishi.

Kuna kosa ambalo nimeliona kwenye vituo vingi: anayeondoka anamwachia mwenzake nywila yake ya kuingilia kwenye mfumo wa DHIS2 au wa fedha. Nywila haikabidhiwi. Kitakachofanyika kwa jina lako utakijibu wewe, hata kama uko mkoa mwingine. Andika kwenye hati kwamba akaunti ya aliyeondoka ifungwe tarehe fulani na ya anayeingia ifunguliwe, na barua ya kuomba hivyo iende wilayani siku hiyo hiyo.

Watumishi

Sehemu hii ni fupi. Andika aliyepo, anafanya kazi gani, yuko kazini au likizo na atarudi lini, anakaa nyumba ipi, na ana funguo zipi. Kwetu muuguzi mmoja alikuwa likizo ya uzazi hadi Aprili, kwa hiyo zamu za usiku zilikuwa zinabebwa na watu wawili, na mwenzangu alihitaji kulijua hilo kabla ya kupanga ratiba ya Machi. Mlinzi analipwa na kijiji, si na serikali, na alikuwa anadai miezi 3. Asiyeambiwa hivyo angeamka siku moja akute geti halina mtu asijue sababu.

Usichoandika ni tabia za watu. "Fulani ni mvivu" haina nafasi kwenye hati ya makabidhiano. Kama kuna onyo la maandishi, liko kwenye jalada lake, taja tu kwamba jalada lipo. Mengine mwache mwenzako ayaone kwa macho yake.

Madeni na makubaliano na watu wa kijijini

Hapa nazungumza na wewe mfanyabiashara na fundi. Zahanati za siku hizi hupokea fedha kwenye akaunti yake yenyewe, na kamati hushiriki kupanga matumizi. Lakini fedha hizo hazitoki kwa maneno. Zinahitaji viambatanisho: kamati ilikubali, mali iliagizwa kwa maandishi, mali ilipokelewa na kuhesabiwa, na risiti ipo. Mganga mpya hata akikuamini, hawezi kukulipa kwa kuwa unasema "yule wa kwanza aliniahidi."

Kwenye hati yangu madeni yalikuwa mawili. Fundi seremala alitengeneza mabenchi mawili ya wagonjwa na kubadilisha kitasa cha chumba cha kujifungulia, shilingi 85,000. Kamati ilipitisha, karatasi ya kuagiza ipo, kazi imepokelewa, kilichobaki ni malipo. Mwenye duka alitoa sabuni na ndoo mbili zenye bomba za kunawia mikono, shilingi 46,500. Hapo karatasi ya kupokea ipo ila ankara yake alikuwa hajaileta. Nikamwita kabla ya siku ya makabidhiano, akaleta ankara, ikaambatanishwa. Kama ningeondoka bila kumwita, deni lake lingekuwa halali kwa Mungu lakini si kwa mkaguzi.

Kwa hiyo ukisikia mganga anahama na unaidai zahanati, usisubiri. Nenda na ankara yako, omba deni lako liandikwe, na uulize ni ukurasa wa ngapi. Vivyo hivyo kama wewe ndiye unayedaiwa, kwa mfano umeazima viti vya zahanati kwa ajili ya harusi, virudishe kabla ya siku ya kuhesabu.

Baada ya madeni kuna makubaliano yasiyo na fedha, na haya ndiyo huzaa ugomvi. Kwetu yalikuwa matatu. Mama mmoja anayeishi jirani na kisima amelima mchicha ndani ya eneo la zahanati kwa idhini ya kamati, kwa sharti kwamba hapandi miti na ataondoka jengo jipya likianza. Kijana wa bodaboda amekubali kupigiwa simu usiku kumpeleka mama mjamzito kituo cha afya, na nauli yake ilipangwa kwenye kikao cha kijiji. Na mpaka wa upande wa mashariki una mgogoro na mwenye shamba la mahindi, ambapo wazee wa kitongoji wameweka alama ya muda wakisubiri mpimaji.

Kila jambo nililiandika kwa namna moja: nani na nani, walikubaliana nini, lini, mbele ya nani, na muhtasari uko wapi. Nilimpeleka mwenzangu kwa miguu hadi kwenye alama ya mpaka na hadi kwenye bustani ya mchicha. Tulipofika, yule mama alisema, "Dada daktari, mimi nilidhani unakuja kuning'olea." Akasomewa sharti lake, akasema ndivyo walivyokubaliana. Mganga mgeni asiyejua makubaliano hayo angeweza kumfukuza kwa nia njema, na kujenga uadui na ukoo mzima kabla hajamaliza wiki mbili.

Kile ambacho wewe shahidi hupaswi kuona

Hati yetu ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilisomwa mbele ya kamati. Sehemu ya pili ilifungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kwa dada peke yake, kwa sababu inahusu wagonjwa walio katikati ya matibabu: wanaotumia dawa za kifua kikuu na tarehe zao za kumaliza, wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, na wajawazito wanaotarajiwa kujifungua miezi miwili ijayo ambao hawapaswi kujifungulia zahanati, kwa mfano aliyewahi kufanyiwa upasuaji.

Dawa za kifua kikuu hutumika kwa miezi 6 kwa wagonjwa wengi, na mabadiliko ya mganga ni wakati ambapo mgonjwa hupotea kwa urahisi. Anafika siku yake, anakuta sura ngeni, anaona haya kueleza, anarudi nyumbani. Mwenzangu anapaswa kuwajua kwa majina. Kamati inatakiwa kujua idadi tu. Ukiwa shahidi na ukaona orodha ya majina imewekwa mezani mbele ya watu, una haki ya kusema, "Hiyo isomwe na wahudumu wenyewe." Hutakuwa umemkosea mtu adabu. Utakuwa umemlinda jirani yako.

Kabla hujatia saini

Hati hutolewa nakala nne: ya anayeondoka, ya anayeingia, ya zahanati, na ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Kila ukurasa husainiwa, si wa mwisho peke yake, kwa kuwa ukurasa wa katikati unaweza kubadilishwa. Nafasi tupu zipigwe mstari. Na kama wewe ni mjumbe wa kamati, uliza maswali haya manne kabla ya kushika peni: je, dawa zilihesabiwa au zilisomwa tu kwenye leja? Mapengo yameandikwa wapi? Madeni ya watu wa kijijini yote yamo? Ripoti ipi bado, na tarehe yake ya mwisho ni ipi?

Sisi tulisaini saa kumi jioni ya tarehe 28. Dada aliweka nakala ya zahanati kwenye kabati la ofisi, akafunga, akaichukua rejesta ya zamu kuangalia nani anaingia usiku. Wiki iliyofuata nilipata habari kwamba zahanati ya jirani imerudisha dozi 24, na oda imekwenda wilayani ikiwa na namba ya rafuni. Kuhusu boksi la amoksilini, bado nasubiri kuitwa.